Nafasi Waliyomwachia Maxine

Haya niliambiwa na Kanini, mjukuu wangu, mwezi wa nane mwaka jana, siku tulipokuwa tukipura maharagwe nyuma ya nyumba. Alikuja bila kupiga simu. Alikula, akashika fimbo, akaanza kupura kabla sijamwomba, nikajua ana kitu. Mtoto ukimwacha anyamaze, atasema mwenyewe. Gunia la pili lilikuwa limefika nusu alipoanza kusema.

Kanini anafanya kazi kwenye studio ya picha kule Kinoru, chini kidogo ya uwanja wa mpira. Mwenye studio anaitwa Muchangi, mtu wa Embu aliyehamia Meru na kamera moja na mke mmoja, na sasa ana kamera tatu. Kazi inayowaletea watu wengi ni ya kuunganisha picha. Familia inapigwa picha na mmoja hayupo, labda alikuwa kazini au alishakufa, basi anatolewa kwenye picha nyingine na kuwekwa kati ya wenzake, mpaka jirani akija anauliza, kwani huyu alirudi lini?

Muchangi ana mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Lakini kuchambua hakupendi. Mteja akimletea picha ishirini, yeye huchukua ile ya kwanza inayocheka. Kwa hiyo kuchambua ni kwa Kanini. Huzipanga kwenye kompyuta kama mtu anayechagua mbegu, na kila moja huipa nyota, kuanzia moja mpaka tano. Muchangi humtania akimwita Daktari. "Daktari amempima mgonjwa? Anaweza kupasuliwa?"

Jumanne moja asubuhi waliingia mama mmoja na mtoto wake wa kiume, kutoka Mitunguu. Mwanawe alikuwa Mutegi, mtu mzima, na mama akajulikana kwa jina la huyo kifungua mimba wake, Mama Mutegi. Alikuwa amevaa sweta ya kanisani na amebeba mkungu mdogo wa ndizi, zawadi ya studio. Mwezi uliokuwa unakuja angefanyiwa ibada ya shukrani kwa kutimiza miaka sabini, na watoto walitaka picha kubwa ya familia ya kuning'iniza mbele ya watu. Picha yenyewe ilikuwa imeshapigwa Pasaka, nje ya kanisa. Wote walikuwepo ila kitinda mimba, Maxine, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani.

"Tulimwachia nafasi," mama akasema. "Hapa kando yangu. Mpiga picha alituambia tusogeane, nikakataa."

Kanini akaitazama. Kweli palikuwa na pengo mkono wa kulia wa mama, na mkono wenyewe ulikuwa umekunjwa kidogo, kama umeshika kiuno cha mtu.

Akawakalisha kwenye benchi lililo mbele ya pazia la picha, akaanza kazi. Picha za Maxine zilikuwa ishirini na tatu, nyingine za karatasi, nyingine kwenye simu ya Mutegi.

Kuchambua, Kanini aliniambia, ni kuiuliza kila picha maswali matatu. La kwanza, kamera ilisimama wapi? Ile ya Pasaka ilipigwa kutoka mbele, kamera ikiwa sawa na kifua cha mtu mzima. Ukileta mtu aliyepigwa kutoka juu, kichwa kikubwa miguu midogo, atasimama kati ya wenzake kama anaanguka. La pili, mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mwanga gani? Ile ya Pasaka ni jua la saa kumi, kutoka kushoto, na pua ya kila mtu imelaza kivuli chake upande wa kulia. La tatu ni nukta. Picha ya kompyuta imefumwa kwa nukta, kama kiondo kwa nyuzi. Kila uso katika ile ya Pasaka ulikuwa na nukta kama mia tatu kutoka kidevuni mpaka nywele. Uso wenye nukta themanini ukiuvuta ufike hapo, unakuwa uji.

Basi akazipima. Picha ya darasa la nane, uso kama punje ya hindi, nyota moja. Picha ya jikoni, balbu ya manjano juu ya kichwa, nyota moja. Ile aliyojipiga mwenyewe simu ikiwa juu, pua imekuwa kubwa kuliko mdomo, nyota mbili. Arusi ya binamu, mwanga kutoka kushoto vizuri kabisa, lakini amegeuza uso upande, nyota tatu.

"Acha hizo za kale," Mama Mutegi akamwambia. "Mutegi, mwonyeshe hizi za juzi. Na wewe mwari, binti yangu, utumie hizi. Utaona vile amenona."

Zilikuwa mbili, za kutoka Uarabuni. Maxine amesimama kwenye lango jeupe, amevaa gauni refu jeusi, kitambaa kimefungwa nyuma ya masikio, anatabasamu kidogo.

"Alikutumia yeye?" Kanini akamuuliza Mutegi.

"Wakala ndiye hutuletea. Rwamba, yule aliyempeleka. Anasema tajiri alimnyang'anya simu, hataki wafanyakazi waongee. Lakini Rwamba huenda kule kule kwa kampuni yao, anaona wasichana, anatuletea picha."

"Na sauti yake mlisikia lini?"

Mutegi akamwangalia mama, kisha akaangalia chini. "Januari."

Ilikuwa mwezi wa saba.

"Lakini ukiona mkono huo," mama akasema, akigusa simu kwa kidole. "Alienda huko akiwa kijiti. Sasa angalia mkono."

Kanini akaiingiza kwenye kompyuta, akaifungua. Kwa kutupa jicho ilikuwa nzuri kuliko zote, mpya, mwili mzima, uso umetazama mbele. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya nyota ya tano. Ila hana desturi ya kutoa nyota bila kuuliza yale maswali, akauliza.

Kamera ilisimama wapi? Ukiangalia mwili, ilisimama juu, pengine kwenye ngazi, maana mabega yalikuwa mapana na viatu vidogo. Ukiangalia uso, ilisimama sawa na macho. Kanini akafikiri, pengine aliinua kichwa. Lakini mtu akiinua kichwa shingo hunyooka, na shingo hii haikuwa imenyooka.

Mwanga ulitoka wapi? Kwenye gauni, jua lilikuwa la utosini, kivuli kimejikunja miguuni kama paka. Chini ya kidevu, hakuna kivuli. Chini ya pua, hakuna kivuli. Akaivuta picha ikaribie, uso ukajaa skrini, na ndani ya kila jicho akaona mraba mdogo mweupe, kama kidirisha. Huo mraba aliujua. Ni ile taa kubwa ya studio yenye kitambaa cheupe mbele, inayolainisha mwanga. Nje, mbele ya lango, katika jua kali la saa sita, hakuna taa ya namna hiyo.

Na nukta? Gauni na ukuta vilikuwa na chenga, kama picha ya simu ya bei rahisi. Uso ulikuwa laini kama siagi.

Alisema mikono ilianza kupoa kwanza, ndipo akili ikaja. Kichwa hiki hakikuwa cha mwili huu.

Aliogopa kugeuka, asije mama akamsoma usoni. Akajifanya anaendelea, akashuka kwa macho mpaka sikio la kulia. Ndewe ilikuwa nzima, ya mviringo, na juu yake palikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya sukumawiki. Akapanda shavuni. Palikuwa na doa lilelile, umbo lilelile.

Ndipo akakumbuka, na afadhali asingekumbuka.

Mwaka uliopita Maxine alikuja hapo hapo studio kupigwa picha ya safari, ile ya pasipoti. Ndewe ya sikio lake la kulia ilikuwa imechanika tangu utotoni, pande mbili kama ncha ya mkasi. Alilionea haya. Alikuwa ameambiwa masikio yote yaonekane, akawa anavuta nywele na kuzirudisha, anavuta na kuzirudisha. Kanini akamhurumia. Baada ya kupiga, akachukua kipande cha ngozi ya shavuni kwenye kompyuta, akaziba mpasuko. Kipande kikaja na doa lake. Hakuliona mpaka picha zilipokuwa zimeshachapishwa, akasema moyoni, nani atatazama sikio?

Picha ya safari haitakiwi kurekebishwa hata unywele, Kanini alijua hilo. Alifanya kwa wema.

Akafungua faili la mwaka uliopita, akaipata ile picha, akailaza juu ya uso wa langoni na kuifanya iwe nyepesi kama karatasi ya kunakilia. Picha mbili za mtu mmoja hazilali moja juu ya nyingine hata siku moja, kope itapita, mdomo utapita. Hizi zililala. Hakukuwa na ukope uliotoka nje ya mwenzake.

Kwa hiyo yule mwanamke wa langoni alikuwa mtu mwingine, asiyejulikana, amevalishwa uso wa Maxine. Na mama alikuwa amekaa nyuma yake akiusifu mkono wa huyo mtu.

"Mbona umenyamaza, Daktari?" Ilikuwa sauti ya Muchangi, kutoka nyuma ya pazia jeusi ambako hufanya kazi zake. "Mgonjwa amekufa?"

Faili lile lilikuwa kwenye kompyuta hiyo, na nakala ilitumwa kwa wakala wakati ule. Wakala hajui kuunganisha picha. Anayejua alikuwa hatua nne kutoka alipokaa.

Akainuka. Akawaambia wageni wa Mitunguu, "Kuna hoteli hapa chini, chai yao ni nzuri. Nipeni nusu saa niwapimie vizuri."

"Sisi hatuna haraka," mama akasema.

"Mama, nendeni tu mnywe chai."

Mutegi alimtazama mara mbili, akamshika mama mkono, wakatoka.

Kanini akafungua pazia. Muchangi alikuwa anakata picha za kitambulisho kwa mkasi.

"Bosi, Maxine wa Mitunguu ulimwekea mwili wa nani?"

Mkasi ukasimama. Muchangi hakuuliza Maxine gani, na hilo lilimtisha Kanini kuliko kama angekana.

"Rwamba alisema ni ya kumtuliza mama," akasema polepole. "Msichana yuko salama, hana simu, mama hali chakula. Nikamshonea moja. Akarudi mwezi wa tano, nikashona ya pili. Kwani kuna ubaya gani? Hapa si tunaunganisha wafu na walio hai kila wiki?"

"Hao wenyewe wanajua. Wanatuomba wakijua. Huyu mama anaonyesha watu mkono wa mtu mwingine kanisani."

"Punguza sauti."

"Ulimuuliza Rwamba msichana yuko wapi?"

Muchangi akaweka mkasi chini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Sikuuliza. Nilichukua ile picha ya kwanza nikashona. Unanijua." Kisha akajikaza. "Sikiliza, Kanini. Ukifungua mdomo, polisi watakuja hapa. Wataanza na mimi, wamalizie na wewe. Ile picha ya safari, nani alifunga sikio? Ulidhani sikuona? Mpe nyota tano, mweke kwenye pengo, mama afanye ibada yake. Pengine kesho msichana atapiga simu."

"Na asipopiga?"

Muchangi akachukua tena mkasi.

Kanini alirudi kwenye kiti chake. Aliniambia yeye hakuwa jasiri, nisimsifu. Aliangalia lile pengo kando ya mama, akamfikiria yule mwanamke wa langoni amesimama pale, kivuli chake cha utosini kimeondolewa na kupakwa kingine, mama amemshika kiuno, na kanisa zima linamshukuru Mungu. Na wakati huo wote hakuna mtu hata mmoja duniani anayemtafuta Maxine, kwa sababu wote wanajua alipo. Hapo ndipo alipoona kwamba hawezi.

Waliporudi, alimkalisha mama kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya skrini kubwa.

"Mama, sikio la Maxine la kulia likoje?"

"Limechanika. Alivalishwa hereni akiwa na miaka sita, mwana-mbuzi akaing'ata na kuvuta. Alilia mpaka jioni. Kwa nini?"

Kanini akavuta picha ya langoni mpaka sikio likajaa skrini. Kwenye simu lilikuwa dogo kama tone, hakuna ambaye angeliona. Sasa lilikuwa kubwa kama sahani.

Mama akalitazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa sweta, akaivaa tena.

"Huyu alifungwa sikio lini?" akauliza.

Nje mtu alikuwa anajaza upepo kwenye gurudumu la bodaboda, unasikia pampu tu.

"Mwari, nakuuliza. Huyu ni nani?"

Kanini akamwambia yote. Alianza na lake la sikio, kisha la Muchangi. Mutegi alisimama, akaenda mpaka kwenye pazia jeusi, akamkuta Muchangi amesimama nyuma yake na mikono mitupu. Kanini alidhani atampiga. Mutegi akasema tu, "Vaa koti. Tunaenda wote polisi."

Rwamba hakupatikana kwa simu siku hiyo. Ofisi yake ilikuwa na kufuli, na wasichana wawili walikuwa wamekaa mlangoni na masanduku yao. Polisi walimpata siku ya pili kwa shemeji yake huko Ishiara. Alisema hajaua mtu. Alisema Maxine alitoroka kwa tajiri Januari, na tangu hapo hajui, wallahi hajui, na alitengeneza zile picha kwa sababu mama alikuwa anapiga simu kila siku. Kuanzia Januari mpaka Julai. Miezi yote hiyo msichana amepotea na hakuna aliyemtafuta.

Sasa ilitakiwa picha ya kumtafutia. Mutegi alikuwa na nambari za chama cha Wakenya wanaofanya kazi huko, wakamwambia, tuma picha moja tu, iliyo wazi, tutaisambaza kwa kila mtu. Akaja kwa Kanini.

"Tuma ile ya safari," Mutegi akasema. "Ndiyo safi."

"Ile ina sikio langu. Si lake."

Kanini akazirudia zile ishirini na tatu, na safari hii akauliza maswali mengine. Hakujali mtu atasimamaje kando ya wenzake. Alitaka mtu asiyemjua Maxine amtambue kwenye kitanda cha hospitali au barabarani, hata akiwa amekonda, hata akiwa amevimba. Ile ya arusi ilionyesha sikio la kushoto. Ile ya kujipiga ilikuwa imegeuza kulia kuwa kushoto, kama simu zinavyofanya kwa picha za mbele, ingempeleka mtu kwenye sikio lisilo lake. Nyingine zote sikio lilikuwa chini ya nywele au lilikuwa na nukta tano tu. Iliyokuwa inatakiwa ilikuwa moja, ile ya safari kabla hajaigusa, kama ilivyotoka kwenye kamera. Na Muchangi hufuta za kamera kila baada ya miezi mitatu, kupata nafasi.

Kanini alisema hapo ndipo alipohisi hofu ya kweli. Alifungua faili baada ya faili. Palikuwa na ile iliyorekebishwa tu, ikimtabasamia na doa lake.

Muchangi alikuwa ameandikisha maelezo polisi akaachiwa mpaka siku ya kuitwa. Aliingia na kusimama mlangoni kama mgeni.

"Unatafuta ya kamera?"

"Ulifuta."

"Nilifuta." Akafungua droo ya chini, akatoa kopo la majani ya chai lililojaa kadi za zamani za kamera, zile ndogo kama ukucha. "Lakini kadi zikianza kusumbua huwa sizitumii tena. Mke wangu anasema nitazikwa nazo."

Wakazijaribu moja moja, wamekaa bega kwa bega. Kadi ya tisa ilikataa kufunguka, ikafunguka mara ya tatu. Palikuwa na watu mia mbili mle ndani, na kati yao Maxine, mara nne. Katika ya pili alikuwa ametoka kuvuta nywele nyuma, amekunja uso kwa haya, na sikio lilikuwa wazi, pande zake mbili zimeachana.

Hiyo ndiyo Kanini aliyoituma. Hakuipunguza, hakuipaka chochote. Alimwambia Mutegi aitume kama faili, maana simu ikituma picha kwa njia ya kawaida huila nukta zake. Aliipa nyota tano, na picha yenyewe isingefaa kuunganishwa na chochote.

Kisha wakangoja. Mama Mutegi alikataa kurudi Mitunguu. Alilala kwa binti ya dada yake hapo Kinoru, yaani alijilaza tu, na kila asubuhi studio ikifunguliwa alikuwa ameshafika mlangoni. Alikaa kwenye lile benchi mbele ya pazia la picha. Hakulaumu mtu. Kanini alisema afadhali angelaumu. Mara moja tu alisema, akiangalia mikono yake, "Na mimi ni mama yake. Niliuona mkono wa mtu mwingine nikasema amenona."

Siku ya nne, saa nane mchana, simu ya Mutegi ililia. Alikuwa mwanamke, anaongea chini chini. Alisema anaitwa Wanjira, ni mtu wa Embu, ni muuguzi katika hospitali moja ya huko.

"Nimeona sikio," akasema. "Hilo sikio nimelisafisha mimi mwenyewe."

Akawaeleza. Mwezi wa pili waliletewa mwanamke aliyeanguka kutoka ghorofani. Hakuwa na karatasi hata moja. Nyonga ilivunjika, taya likavunjika, na tangu apate majeraha ya kichwa hawezi kusema maneno yakaeleweka. Waliandika jina walilobuni. Kila mtu alidhani ni wa nchi nyingine, si Mkenya.

"Yuko hai?" Mama Mutegi akauliza. Wanjira aliposema ndiyo, mama hakufurahi. Alikaa wima kabisa. "Nimeonyeshwa mwanangu mara mbili na hakuwa mwanangu. Nataka nimwone akigeuka."

Muuguzi akasema watapiga tena kwa simu ya picha baada ya nusu saa, madaktari wakitoka. Kanini akaiunganisha kwenye kompyuta ili mama aone kwa ukubwa. Muchangi akazima taa za studio bila kuambiwa, mwanga usipige kioo.

Skrini ikawaka. Kitanda. Uso mwembamba, taya limepinda, nywele zimenyolewa. Mutegi alishika ukuta. Kanini mwenyewe hakumtambua, na aliogopa, maana kama si Maxine, ni yeye Kanini aliyemleta mama mpaka hapo.

"Mwambie ageukie dirisha," mama akasema.

Wanjira akamnong'oneza yule mgonjwa. Kichwa kikageuka pole pole, na Kanini, kwa mazoea, akaangalia mwanga. Kivuli cha pua kikatembea kutoka shavu moja kwenda la pili, kama kinavyotakiwa. Macho yalikuwa na mstari mrefu wa dirisha, na mto ulikuwa na mwanga uleule wa shavu. Hakuna aliyeshona hapo. Sikio la kulia likaja mbele. Ndewe ilikuwa na pande mbili.

Mgonjwa akasikia Kimeru kutoka kwenye simu, sauti ya mama yake ikimwita jina la nyumbani. Akainua mkono kutoka kwenye shuka. Ulikuwa mkono kama kijiti.

Mama akausogelea mkono huo mpaka pua ikakaribia kioo.

"Amekonda," akasema. "Ni yeye."

Wakamwacha amwangalie. Hawakuongea mengi, maana mmoja hakuweza na mwingine hakutaka. Baada ya muda macho ya Maxine yakaanza kufumba, yakafumbuka, yakafumba. Wanjira akasema dawa imemshika, sasa analala, atapiga kesho. Skrini ikawa nyeusi.

Mutegi aliondoka hapohapo kuulizia karatasi za kumrudisha. Muchangi aliondoka baadaye, alikuwa ametakiwa polisi saa kumi. Mlangoni alisimama, akamuuliza Kanini, "Na ile ya Pasaka?"

"Nafasi iacheni hivyo hivyo," Mama Mutegi akajibu kabla Kanini hajasema. "Mtaichapisha na pengo lake."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho siku hiyo. Alivua viatu, akavipanga chini ya benchi, akajilaza mbele ya lile pazia lenye maua ambapo maharusi hupigwa, na sweta yake ya kanisani akaifanya mto. Kwa siku nne hakuwa amelala usiku. Alilala kabla miguu haijanyooka.

Kanini alibaki peke yake na kazi ambayo hakujua kama kesho itakuwepo, kwa sababu alikuwa ameandikisha polisi na lake la sikio. Aliniambia bado aliogopa. Aliogopa polisi, aliogopa taya lile, aliogopa safari ndefu ya kumleta msichana aliyevunjika nyonga. Alifunga mlango nusu ili wateja wasimwamshe mama. Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta, karibu na kichwa cha mama, amsikilize anavyopumua. Alitaka kuhesabu pumzi mpaka Mutegi arudi. Alifika ishirini na kitu, kidevu kikaanguka kifuani, na yeye pia akalala.